Picha 9 za wazee wa mtaa wetu: shajara ya yale niliyoamua kutoyagusa usoni

Mradi wenyewe ni mdogo: picha 9 za sura, kila moja inchi 12 kwa 16, za wazee wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga. Wengi wao picha pekee waliyo nayo ni ile ya kitambulisho. Nataka kila mmoja apate ya kutundika sebuleni kabla ya Idi, na akiitazama ajione yeye.

Naandika humu kila hatua inapokwisha ili mwingine mwenye vifaa vya kawaida aweze kufuata. Sehemu zilizokwenda vizuri nazipitia haraka. Nilipokosea ndipo ninapokaa, kwa sababu huko ndiko muda na pesa zilikokwenda.

Kamera ni ya mtumba, megapikseli 24, yenye sensa ndogo ya APS-C. Lenzi ni mbili: ya milimita 18–55 na ya milimita 50. Mwanga ni wa dirishani, na upande wa pili nainua shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye kivuli. Faili ghafi nalifungua kwa darktable, kisha kazi ya usoni naifanya kwa GIMP. Programu zote mbili hazilipiwi.

## 11 Januari 2025: Pua ya Bi Maandazi

Nimeanza na muuza maandazi wetu, ambaye watoto wa mtaa wanamwita Bi Maandazi na mwenyewe ameridhia. Chumba chake kina dirisha linalotazama kaskazini, na mwezi huu jua liko kusini kwetu, kwa hiyo mwanga unaingia umepoa, hauchomi.

Tatizo ni kwamba chumba ni chembamba. Nimejibana ukutani, sentimita 70 hivi kutoka usoni pake, lenzi nimeifungua hadi milimita 24 ili apate kuenea. Nilipofungua faili nyumbani, pua imetoka mbele na masikio yamerudi nyuma kama yanajificha.

Nikakaa saa nzima na `Warp Transform`, zana ya GIMP ya kuvuta na kubana picha, nikiibana pua. Pua ilipungua kweli, ila uso haukurudi kuwa wake. Baadaye ndipo nilipoelewa: ukaribu haukuzi pua peke yake. Unakuza kila kilicho karibu na kamera na kudogosha kila kilicho mbali, kidogo kidogo, kuanzia ncha ya pua, midomo, mashavu, hadi masikio. Ukiibana pua tu, yale mengine yote yanabaki yamepotoka, na unachopata ni uso ambao hata kamera haikuuona.

Nimerudi siku ya pili. Tumefungua mlango, yeye amekaa palepale karibu na dirisha, mimi nimesimama ukumbini mita 2 kutoka kwake na lenzi ya milimita 50. Tatizo limekwisha bila kugusa kompyuta. Kinachobadilisha uwiano wa uso ni umbali, lenzi inakusaidia tu kuijaza fremu ukiwa huko mbali. Na mita moja na nusu hadi 2 ndiyo masafa ambayo watu huonana wakikaa barazani, kwa hiyo ndiyo sura ambayo mtaa unaijua.

Uamuzi wa kwanza ni huo: sivuti wala sibani kiungo chochote cha uso. Kikikaa vibaya, narudi kupiga tena.

## 18 Januari: Nimemhariri, nimeridhika

Kazi ya leo ni ya kawaida, naieleza kwa ufupi. Kwenye darktable nimeongeza `exposure` kwa 0.9 ili uso "utokeze". Kwenye GIMP nimetumia `Filters > Enhance > Wavelet Decompose`, ambayo inaigawa picha katika leya: maelezo membamba kabisa yanakaa `Scale 1`, yaliyo manene kidogo `Scale 2`, na kuendelea hadi `Scale 5`, kisha rangi na vivuli vipana vinabaki kwenye `Residual`. Nimelainisha mikunjo, nimesawazisha weusi wa chini ya macho, nimeyafanya meupe ya macho yawe meupe hasa, nimejaza nyusi zilipokuwa chache, nimeondoa mng'ao wa paji la uso na kovu dogo la shavuni.

Kila hatua ilikuwa ndogo. Kila moja nilipoitazama peke yake niliiona ni ya haki. Nimesafisha nakala moja ya inchi 12 kwa 16 kwa shilingi 12,000, na leo usiku nimelala nikiwa na furaha.

## 25 Januari: "Huyu ni marehemu mdogo wangu"

Nimempelekea asubuhi, akiwa bado ana unga mikononi. Akajifuta kwa kanga, akaishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Alikaa kimya muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "umeipata wapi picha ya mdogo wangu?"

Nikamwambia, Bi, huyo ni wewe, ni siku ile tulipofungua mlango. Akaitazama kanga iliyo pichani, akaitambua kuwa ni yake. Uso hakuutambua. Mdogo wake alifariki miaka mingi iliyopita na hakuwahi kuzeeka. Hakunikasirikia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimerudi nyumbani na kuweka picha ya asili na niliyoihariri moja juu ya nyingine kwa programu ya ImageMagick, kompyuta inionyeshe tofauti tu:

```
magick asili.jpg hariri.jpg -compose difference -composite -auto-level tofauti.png
```

Picha hizo mbili lazima ziwe na ukubwa uleule. Pale ambapo hapakuguswa panatoka peusi, palipoguswa panawaka. Na kwa kuwa nilipandisha mwanga wa picha nzima, kila kitu kiliwaka, ikabidi nilirudishe faili la asili kwenye mwanga uleule wa hariri ndipo nilinganishe tena. Hapo nikaona nilichofanya. Nilidhani nimegusa mahali sita au saba. Kwenye `tofauti.png` uso mzima unawaka kama taa, isipokuwa matundu ya pua na masikio.

Nimelifikiria sana jibu lake. Ndugu wawili wa tumbo moja wanafanana kwenye mifupa: upana wa paji, umbali wa macho, taya. Kinachowatenganisha ni vile kila mmoja alivyoutumia uso wake: mkunjo ulioingia upande mmoja kwa kucheka, jicho lililozoea kufinya moshi wa jiko, nyusi zilizopungua, rangi iliyoiva kwa jua. Mimi nilifuta vya kwake vyote nikabakisha vya kwao. Bi Maandazi alisoma picha yangu sawasawa.

## 2 Februari: Kurudisha kimoja kimoja

Badala ya kuanza upya nimefanya kinyume: nimechukua faili lililoharibika na kurudisha kila rekebisho peke yake, nikapata matoleo sita. Nimeyasafisha madogo, inchi 4 kwa 6, shilingi 700 kila moja. Nimeyapeleka kwa Bi Maandazi na binti yake, kila mmoja kwa wakati wake wasisikilizane, na swali langu lilikuwa moja tu: katika hizi, ni ipi inayokaribia zaidi?

Nilitarajia watachagua yenye mikunjo. Hawakuchagua hiyo. Wote wawili walishika kwanza ile niliyorudisha rangi, na ya pili ile niliyorudisha nyusi na macho. Mikunjo ilikuja ya tatu.

Rangi kwanza. Ngozi nyeusi ukiipandishia mwanga kwenye kompyuta haiwi ngozi ileile iliyoangaziwa zaidi. Wekundu na udhahabu ulio ndani yake unafifia, na kinachobaki kina ujivujivu kama mtu aliyetoka kwenye vumbi la saruji. Nilipandisha mwanga kwa sababu kwenye skrini yangu uso ulionekana "mzito", na nikiwa mkweli, kwa sababu macho yangu yamezoea picha za matangazo ambazo kila mtu ameng'arishwa. Bi Maandazi ni mweusi wa kuiva. Hilo halikuwa kosa la picha.

Sasa nafanya hivi: kabla ya picha zenyewe napiga fremu moja mtu akiwa ameshika karatasi nyeupe ya kawaida kando ya shavu. Kwenye darktable naweka uwiano wa rangi kwa kuipima karatasi hiyo, kisha napandisha `exposure` mpaka karatasi iwe nyeupe lakini isiungue. Ngozi inakaa pale itakapokaa. Kama picha bado ni nzito, naangaza ukuta ulio nyuma yake, uso siuangazi. Halafu nasafisha kipande kidogo na kukiweka kando ya shavu lake mwenyewe, nje, kivulini. Skrini haiaminiki kwa kazi hii.

Nyusi zilinishangaza mpaka nikatafuta kusoma. Mwaka 2003 Javid Sadr na wenzake huko MIT walichukua picha za watu mashuhuri, nyingine wakafuta macho, nyingine wakafuta nyusi. Waliofutiwa nyusi ndio waliotambulika kwa taabu zaidi. Mimi sikuzifuta, nilizijaza, lakini nyusi za Bi Maandazi zinaishia katikati: nusu ya nje imepukutika. Nilipochora nusu ile nilimpa nyusi alizokuwa nazo ujanani, au alizokuwa nazo mdogo wake.

Meupe ya macho ni jambo ambalo wengi wanaliharibu, nami nililiharibu. Kwa watu weusi meupe ya macho mara nyingi yana madoa ya kahawia au umanjano kidogo, na huo ni upakaji wa asili wa melanini. Ukiyafanya meupe kama karatasi, macho yanaonekana yamebandikwa. Sasa nikikuta wekundu wa kukosa usingizi napunguza wekundu tu, na meupe siyagusi.

Kuhusu mikunjo, makosa yangu yalikuwa kwenye leya. Kwa faili la ukubwa huu vinyweleo na vitundu vya ngozi viko `Scale 1` na `Scale 2`. Makunyanzi membamba yako `Scale 2` na `Scale 3`. Mikunjo mirefu, ile ya kutoka puani hadi kwenye pembe za mdomo, imeenea `Scale 4`, `Scale 5` na kwenye `Residual` yenyewe. Na huko ndiko kuliko pia na shepu ya shavu. Nilipotia ukungu kwenye `Residual` ili kulainisha mkunjo, nililijaza na bonde la shavu lake pamoja nao. Uso ukawa mviringo.

Kwa hiyo `Scale 4`, `Scale 5` na `Residual` nimezifunga. Kwenye `Scale 3` nikilazimika kulainisha mahali ambapo mwanga wa pembeni umetia chumvi, nafanya kwenye nakala ya leya na kushusha `Opacity` hadi 30, basi.

Toleo jipya la Bi Maandazi lina marekebisho mawili tu: mwanga wa ukuta, na unyuzi wa kanga uliokuwa umesimama begani. Alipoliona alisema, "Ee, huyu sasa ndiye anayekaanga." Kisha akaligusa shavu na kusema kuna kitu tutazungumza. Sikumwelewa.

## 9 Februari: Sijida ya Nahodha

Nahodha aliendesha majahazi kati ya hapa na Pemba kwa miaka mingi. Baada ya somo la Bi Maandazi nilijiwekea kanuni: kilicho usoni kwa siku chache (chunusi, mchubuko wa wembe, kipande cha uzi) kinatoka, kilichokaa miaka kinabaki. Kanuni nzuri, nikadhani nimemaliza.

Nilikuwa nasafisha chunusi mbili kwenye paji lake kwa brashi ya `Heal`, picha nimeikuza asilimia 200. Kwa ukubwa huo huoni mtu, unaona ngozi. Katikati ya paji kulikuwa na doa jeusi, gumu kidogo pembeni. Nikalipitia. Halikunichukua sekunde mbili.

"Shikamoo Mzee," nikampa kijipicha cha jaribio.

"Marahaba." Akakitazama, akajishika paji la uso. "Mwanangu, sijida yangu umeipeleka wapi?"

Alama ya miaka ya kusujudu. Ninaiona kila siku tukisalimiana, na bado mkono wangu uliifuta, kwa sababu kwenye skrini ilikuwa na umbo la doa na mimi nilikuwa nawinda madoa. Nimemwomba radhi na nimeirudisha palepale, maana nilikuwa nimefanya kazi kwenye leya ya juu na ya asili ilikuwepo chini. Ukichukua kitu kimoja tu humu, chukua hicho: usihariri kamwe juu ya leya ya asili.

Macho yake pia yalinifundisha. Kwenye ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho ana pete ya kijivu yenye ubuluu. Ni mafuta yanayojikusanya pembeni mwa konea, utando angavu wa mbele ya jicho, mtu anapozeeka, na wazee wengi wanayo. Mtu akizoea kukoleza macho ili "yawe na uhai", pete hiyo ndiyo ya kwanza kumezwa na weusi. Nimejaribu kwenye nakala: ilipopotea, macho ya Nahodha yakawa ya kijana aliyevaa ndevu za mzee. Pete imebaki.

Kuanzia leo nafanya ramani kabla ya kompyuta. Nachora duara refu kwenye karatasi, nakaa na mtu kwa dakika tano akiwa na kioo mkononi, na tunataja kila alama pamoja. Penye duara dogo panabaki, penye msalaba panatoka. Karatasi naiweka kando ya kibodi. Nikikuta doa kwenye skrini ambalo halimo kwenye ramani, naacha brashi na kwenda kuuliza.

## 16 Februari: Fundi anasema amepinda

Fundi wetu wa cherehani ni mama wa miaka 60 na kitu, mwenye macho makali ya kupima. Ramani yake ilikwenda vizuri. Alipoona picha akasema, "Umenipinda. Mdomo umekwenda kushoto."

Nimeangalia faili la asili: mdomo wake kweli unaelekea upande mmoja kidogo, kama wa watu wengi. Sikugusa kitu. Nikaanza kushawishika kuunyoosha kwa `Warp Transform`, robo sentimita tu. Nilijizuia nikakumbuka kwamba yeye hajawahi kujiona kama mimi ninavyomwona. Miaka yote anajiona kwenye kioo cha duka lake, na kwenye kioo upande wa kulia unakaa kulia kwake. Picha inaugeuza. Upindo alioupatanisha na macho yake maisha yote umehamia upande wa pili, ndiyo maana unamruka machoni.

Nikageuza nakala:

```
magick fundi.jpg -flop fundi-kioo.jpg
```

Akaishika ile iliyogeuzwa: "Hii ndiyo mimi." Binti yake alikuwa mezani anakata kitambaa. Akaja, akazitazama zote mbili, akasema bila kusita kwamba hiyo ya kioo ina kasoro, mama yake ni yule wa kwanza. Wakabishana pale pale, kila mmoja ana hakika.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1977 Theodore Mita na wenzake wawili, Marekani, waliwaonyesha wanawake picha zao za kawaida na zilizogeuzwa kama kioo. Wenyewe walielekea kuipenda ya kioo, wapenzi na rafiki zao wakaipenda ya kawaida. Kila mtu anapenda upande anaouona kila siku.

Sasa kipi kibaki? Nilimwachia aamue, ila nikamwonyesha mambo mawili: kwenye ya kioo kidoa cheusi cha juu ya mdomo kimehamia upande wa pili, na maandishi ya kanga yanasomeka kinyume. Alikaa nayo siku tatu. Amechagua ya kawaida, kwa sababu, kwa maneno yake, watakaoitazama wengi ni wajukuu. Mimi ningefurahi hata angechagua ya kioo. Ambacho nisingekubali ni kunyoosha mdomo, kwa maana hapo nisingempata yeye wala nisingempata mama ambaye binti anamjua.

## 1 Machi: Kovu la mafuta

Bi Maandazi alikuja nyumbani mwenyewe. Lile jambo la shavuni ni kovu la mafuta ya moto, lina miaka mitatu hivi. Katika toleo la kwanza nililifuta, katika la pili nikalirudisha kwa kanuni ya kilichokaa miaka. Yeye nilimpiga picha kabla sijaanza ramani, kwa hiyo sikumuuliza mara zote mbili.

"Hilo litoe," akasema. "Mimi nikijifikiria sijioni nalo. Nikipita kwenye kioo ndiyo nalikumbuka."

Kanuni yangu ilikuwa inapima muda wa alama kwenye ngozi. Hakuna mahali ilipopima kama mwenye uso ameshaipokea. Sijida ya Nahodha ni yake, kovu hili bado ni la karai.

Nimelitoa kwa `Heal` kwenye leya ya juu, na brashi ndogo yenye upana wa nusu ya kovu, nikichukua ngozi ya shavu lilelile ili vitundu vya ngozi viendelee. Hakuna kingine nilichogusa. Kwenye ramani zote zilizobaki nimeongeza swali: "Hii ni yako, au ilikujia tu?" Swali hilo limeeleweka kwa kila mzee bila maelezo. Wawili waliomba kitu kitoke, wengine hawakuomba chochote.

Mng'ao nao nimeumalizia wiki hii. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao wa paji, mfupa wa shavu na mgongo wa pua ndio unaoonyesha umbo, na ukiuondoa wote uso unakuwa bapa kama umepakwa masizi. Dawa niliyoipata ni leso safi: kupangusa jasho kabla ya kupiga. Unaobaki ni wa kwake.

## 15 Machi: Mashine ya kusafishia

Nimepeleka picha nne za kwanza studio ya kusafishia. Zimerudi zote zimepauka, wazee wanne wamefanana rangi. Mashine imewekwa ijirekebishe mwanga yenyewe kwa kila picha, na ikikutana na uso mweusi mbele ya ukuta wa kivuli inadhani picha ni giza, inapandisha. Kazi yangu ya mwezi mzima ya kutopandisha mwanga ilifutwa kwa dakika moja, na shilingi 48,000 zimekwenda.

Njia ya kugundua ni rahisi: linganisha na kile kijipicha ulichokithibitisha kando ya shavu la mtu. Nimerudi nacho, nimemwomba kijana wa mashine azime marekebisho ya moja kwa moja, na nimesimama hapo mpaka ya kwanza ilipotoka. Sasa naandika kwenye bahasha kwa herufi kubwa: USIREKEBISHE RANGI. Nimechagua pia karatasi isiyong'aa, kwa kuwa sebule nyingi zina taa moja ya juu na karatasi inayong'aa inameza uso.

## 23 Machi: Kukabidhi

Picha zote 9 ziko majumbani kwao, na Idi bado wiki moja hivi.

Gharama: kusafisha 9 nzuri shilingi 108,000. Zilizoharibika 5 (ya kwanza ya Bi Maandazi na zile nne za mashine) shilingi 60,000. Vijipicha 14 vya majaribio shilingi 9,800. Fremu 9 za seremala kwa 22,000 kila moja, shilingi 198,000. Jumla 375,800. Kama ningeanza na ramani, kioo na kijipicha cha kulinganisha, zile 60,000 zingebaki mfukoni.

Wakati wa kuhariri nao umepungua. Bi Maandazi wa kwanza alinichukua saa sita. Mzee wa tisa alinichukua dakika 40, na 15 kati ya hizo ni uzi wa kanzu na waya wa umeme ulioonekana ukutani.

Nahodha ametundika yake kando ya saa. Fundi ameibandika dukani, mkabala na kioo, kwa hiyo sasa anajiona pande zote mbili akigeuka.

Bi Maandazi aliitundika yake juu ya kabati, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Halafu akaniuliza kama ile ya kwanza bado ninayo. Nilikuwa nayo, sikuwa na moyo wa kuichana. Amesema hana picha yoyote ya mdogo wake.

Nimempa. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu isiyofutika kwamba aliye pichani ni yeye Bi Maandazi, Januari 2025, na kwamba uso umebadilishwa na mpiga picha, ili mjukuu atakayeikuta siku moja asije akahesabu vibaya. Amesoma, amekubali, ameiweka ndani ya kabati pamoja na kanga zake.